Mkali, Mpole na Bosi Asiyeonekana

Anayetafuta fremu ya biashara Dar es Salaam huzungumza na watu wawili kabla ya kumfikia mwenye nyumba. Wa kwanza ni dalali. Ni mchangamfu, anajua kila mlango ulio wazi mtaani, na mkishatembea pamoja nusu saa anakuita dada au kaka kama mliozaliwa nyumba moja. Wa pili ni mtu wa upande wa jengo: mtoto wa mwenye nyumba, shemeji yake, au msimamizi aliyeachiwa funguo. Huyu hakai chini. Anataja bei mara moja, anatazama simu, anataka jibu. Mwenye mali mwenyewe mara nyingi haonekani. Anatajwa tu.

Ndani ya mpangilio huo mna mbinu tatu za mapatano zinazojulikana dunia nzima. Ya kwanza ni ya mkali na mpole, ambapo mmoja anakubana ili mwenzake aonekane mwema. Ya pili ni ya bosi asiyeonekana, ambaye hutajwa pale tu mnapokaribia kuelewana. Ya tatu ni kudonoa, yaani kuleta madai madogo madogo baada ya bei kukubaliwa. Zinatumika kwenye yadi za magari, kwenye viwanja na hata kwenye mikataba ya makampuni makubwa. Nimechagua fremu kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wengi wadogo husaini mkataba wao wa kwanza, bila wakili, huku akiba waliyoihangaikia ikitoka kwa mkupuo mmoja. Kwa maoni yangu, kinachowaumiza zaidi si bei iliyotajwa mwanzoni. Ni kutojua wanapatana na nani, na wanapatana juu ya nini.

Tuchukue mfano. Bi Zuhura ni fundi cherehani anayeshonea barazani kwake na sasa anataka fremu Mbagala, karibu na kituo cha daladala. Ni mtu wa kubuni, na bei nitakazozitaja ni za kuonyesha hesabu, lakini hatua atakazopitia ni zilezile wanazopitia wapangaji. Fremu aliyoonyeshwa inatajwa kuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na inatakiwa kodi ya mwaka mzima, yaani 3,600,000.

Kabla ya kwenda, Bi Zuhura alipita kwenye fremu tatu za jirani akawauliza wapangaji wanalipa ngapi. Wakamwambia kati ya 240,000 na 270,000, na wawili kati yao wanalipa miezi sita sita. Akaenda pia kuangalia fremu nyingine Kizuiani, ndogo kidogo, ya 230,000, akaomba namba ya simu ya mwenye nayo. Usiku akaandika kwenye daftari mambo mawili: bei anayoitaka ni 250,000 kwa miezi sita, na mwisho wake ni 265,000. Fedha aliziacha benki. Ninasisitiza hili la fedha kwa sababu mtu aliyekuja na noti kwenye mkoba huanza kujiona ameshapanga, na wenye fremu wanaliona hilo usoni mwake mapema kuliko anavyodhani.

Wakiwa njiani, dalali anaanza kumwandaa. "Dada yangu, huyu kijana wa mwenye nyumba ni mgumu, hapendi maneno. Ila niachie mimi, nitakuombea." Wanapofika, kijana anatimiza alichosemewa. Hasalimii vizuri. Anasema kodi ni 300,000, mwaka mzima, na kama hana basi asipoteze muda, kuna mtu anakuja jioni na fedha taslimu. Kisha anatoka nje kupokea simu. Dalali anasogea karibu, anapunguza sauti: "Usimjali, ndivyo alivyo. Niambie wewe una ngapi, ukweli kabisa, mimi nitajua namna ya kumweleza."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kazi yote ya mpole. Watu wengi hudhani kwamba anayefaa kuogopwa ni mkali, kumbe mkali hafanyi zaidi ya kuwatia wasiwasi. Anayechukua kitu kutoka kwako ni mpole, na anachochukua ni namba ya mwisho uliyoiweka moyoni. Ukishamwambia dalali "mimi mwisho wangu 265,000", bei haitashuka tena chini ya hapo. Itashushwa kwa mbwembwe kutoka 300,000 hadi 280,000, utaombwa ujikaze, na utashukuru.

Asili ya mbinu hii inajulikana zaidi katika vyumba vya mahojiano ya polisi. Mahakama Kuu ya Marekani, katika hukumu yake ya mwaka 1966 kwenye kesi ya Miranda dhidi ya Arizona, iliieleza waziwazi kama moja ya mbinu zilizokuwa zikifundishwa katika vitabu vya mafunzo ya wapelelezi: askari mmoja anatisha, mwingine anajifanya hakubaliani na ukali wa mwenzake, na mshukiwa anamwegemea huyu wa pili. Baadaye watafiti wa mapatano waliichunguza pia katika mazungumzo ya biashara, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba mpangilio una uzito: mbinu inafanya kazi pale mkali anapotangulia. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Upole hauna thamani mpaka uwe umeonja ukali. Shilingi 280,000 ni nyingi ukizilinganisha na 250,000 ya jirani, lakini zinaonekana nafuu ukizilinganisha na 300,000 ya mtu aliyekufokea dakika tano zilizopita.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni la ndani, halisemwi kwa mdomo. Bi Zuhura anajiuliza: kama yule kijana asingefungua kinywa, je, 280,000 ningeikubali? Daftari lake linajibu hapana. Swali hilo linamrudisha kwenye bei ya mtaa, na kumwondoa kwenye hali ya hewa ya chumba kile.

Jibu la pili ni kuwatendea wote wawili kama upande mmoja, kwa heshima ileile. Kila asichotaka kijana akijue, asimwambie dalali. Hii haina maana kwamba dalali ni adui. Kwa desturi ya Dar es Salaam yeye hulipwa na mpangaji, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na analipwa tu kama fremu imepangwa. Kwa hiyo anataka kwa dhati uipate. Lakini kodi ikipanda, ujira wake unapanda pia, na kijana wa mwenye nyumba atakuwa naye tena wiki ijayo kwenye fremu nyingine, wakati wewe utakuwa umeshamaliza. Ukishalielewa hilo, hutamchukia wala hutamfanya msiri wako.

Bi Zuhura anasubiri kijana arudi, kisha anazungumza nao pamoja. "Kaka zangu, naona mna mawazo mawili. Naomba mkae muelewane, mnipe bei moja, mimi nitasubiri hapa nje." Ni maneno ya adabu, hayamtuhumu mtu, lakini yanaondoa pengo ambalo mbinu nzima ililitegemea. Anaweza pia kumgeukia dalali mbele ya mwenzake na kumuuliza: "Wewe unazijua fremu zote za hapa. Hii jirani wanalipa 250,000. Hii yetu ina nini cha kuifikisha 300,000?" Mpole akiulizwa swali la bei hadharani analazimika kuwa upande mmoja. Ama atataja sababu ya kweli, kwa mfano kwamba fremu hii ina mlango wa chuma na LUKU yake peke yake, ama atanyamaza. Vyote viwili vinamfaa anayepanga.

Kitu kimoja asichokifanya ni kusema, "Nyinyi mmepanga kunichezea." Hata kama ni kweli. Ukishamwita mtu mlaghai mbele ya mwenzake, mazungumzo yanahama kutoka kwenye kodi na kwenda kwenye heshima yake, na heshima haina bei ya kupatana. Halafu inawezekana kweli kijana ana siku mbaya na hakuna mchezo wowote uliopangwa. Hatua za Bi Zuhura zinafaa hata hapo, kwa kuwa hazihitaji kujua nia ya mtu.

Wanafika 265,000 kwa miezi sita. Bi Zuhura amefika mwisho wake, na kila mtu anatabasamu. Hapo kijana anatoa simu. "Sawa dada, ngoja tu nimjulishe mzee, nyumba ni ya kwake." Anasimama kando ya ukuta dakika tatu. Anarudi akitikisa kichwa. "Mzee amegoma. Mimi nilikutetea sana. Anasema 280,000, chini ya hapo fremu ibaki tupu."

Tazama kilichotokea. Kumbe maneno ya Bi Zuhura yalikuwa ya mwisho, na maneno ya kijana yalikuwa ya kujaribia. Yeye ameshaonyesha kwamba anaweza kufika 265,000, na upande wa pili haujafungwa na chochote. Na kwa kuwa aliyekataa hayupo, hana wa kumuuliza sababu. Mkali sasa amegeuka kuwa mpole, na ukali umehamishiwa kwa mtu ambaye hata sauti yake haijasikika.

Wauzaji wa magari Marekani wanajulikana kwa mbinu iliyo ndugu na hii. Mteja anakubaliana na muuzaji bei nzuri, anajaza fomu, anaanza kujiona ndani ya gari, kisha muuzaji anatoka ofisini kwa meneja akisema bei ile imekataliwa. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliijaribu hali ya namna hiyo kwa wanafunzi, na wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliwaomba kushiriki katika utafiti uliopangwa saa moja asubuhi. Walioambiwa saa hiyo tangu mwanzo, waliokubali walikuwa asilimia 31. Walioombwa kwanza wakubali kushiriki, halafu ndipo wakaambiwa ni saa moja asubuhi, asilimia 56 walishikilia ndiyo yao. Mtu akishasema ndiyo moyoni huendelea kuitetea hata masharti yakibadilika. Anayemtaja bosi mwishoni anaitegemea ndiyo hiyo.

Dawa yake ya kweli inatolewa mapema, kabla bei haijaguswa. Mtu auliza swali moja: "Tukielewana leo, ni nani anayetia saini? Kuna mwingine wa kuulizwa?" Akiambiwa hakuna, basi jibu hilo litakumbukwa baadaye bila ugomvi. Akiambiwa yuko mzee, anasema, "Basi naomba nimsalimie kwa simu kabla hatujaenda mbali," au anasema kwamba na yeye atakachokitaja kitakuwa cha mezani tu mpaka mzee aseme neno.

Bi Zuhura hakuuliza, kama wengi wasivyouliza. Lakini bado ana nafasi. Roger Fisher na William Ury wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chao cha mapatano cha mwaka 1981, walishauri hapo mapatano yahesabiwe kuwa rasimu ya pande zote mbili: kama upande mmoja unaruhusiwa kwenda kuuliza, na wa pili unaruhusiwa kwenda kufikiri upya. Kwa Kiswahili cha Mbagala inakuwa hivi: "Sawa kaka, mzee ana haki na mali yake. Basi hatujaelewana bado, na mimi bei yangu inarudi 250,000. Naenda nikafikirie. Kesho saa nne nitakupigia, na wewe ukizungumza naye vizuri unipigie." Kisha anaaga na kuondoka kweli.

Kilichomwezesha kusema hivyo bila sauti kutetemeka ni ile fremu ya Kizuiani. Utulivu katika mapatano hauletwi sana na tabia ya mtu. Unaletwa na mlango wa pili. Asiye na mlango wa pili, hata akizikariri sentensi zote hizi, atarudi nyuma kabla ya kufika barabarani, na wenzake watamngoja palepale. Vilevile mbinu za kujibu haziwezi kuibadili bei ya mtaa. Kama majirani wote wangekuwa wanalipa 300,000, kijana angekuwa anasema kweli tangu mwanzo, na Bi Zuhura angetakiwa kutafuta mtaa mwingine.

Lazima niseme hapa kwamba si kila mkubwa anayetajwa ni wa uongo, na kumdharau wa kweli kunaweza kukugharimu zaidi. Nyumba nyingi mijini ni za urithi. Katika mirathi, mwenye mamlaka ya kupangisha ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na ana barua ya kuthibitisha hilo. Mtoto mmoja wa marehemu akikupangisha peke yake, kaka zake wanaweza kukufunga mlango mwezi unaofuata. Kwa nyumba ya wanandoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kenya nako, anayenunua shamba lililo katika eneo linalosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi anahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na hakuna muuzaji awezaye kumkwepesha hilo. Watu wa namna hii inafaa uwaulizie wewe mwenyewe, tena kwa nguvu.

Namna ya kuwatofautisha si ngumu ukitulia. Mkubwa wa kweli ana jina, na mara nyingi ana karatasi. Hutajwa mwanzoni, kwa sababu wenye mali wenyewe wanajua hawawezi kuendelea bila yeye. Jibu lake huchukua siku, maana ana shughuli zake, na anaweza kuikataa biashara yote kwa sababu isiyohusu bei. Wa kubuni hujitokeza baada ya wewe kutaja namba yako ya mwisho, hujibu ndani ya dakika tatu, hapatikani kwa mtu mwingine yeyote, na kila anapoulizwa jibu lake ni moja: ongeza kidogo.

Kesho yake saa tatu na nusu kijana anapiga simu. Mzee amekubali 265,000. Bi Zuhura anashukuru, anaomba amsalimie mzee, na anauliza swali alilolisahau jana: "Mkataba utasainiwa na nani?" Na mzee mwenyewe, inaonekana, anakaa Tandika na atakuja.

Siku ya kusaini ndiyo siku ya kudonoa. Bi Zuhura ameshatoa fedha benki, ameshamwambia mteja mmoja ahamishie oda kule, na fundi seremala ameshachukua vipimo vya meza ya kukatia. Kodi ya miezi sita ni 1,590,000. Wanapokaribia kuandika, kijana anakumbuka jambo. Kuna 30,000 ya aliyeandaa mkataba. Baada ya kunywa maji anakumbuka mlinzi, 10,000 kila mwezi, na kwa kuwa kodi ni ya miezi sita, na ya mlinzi ilipwe yote. Halafu taka, 5,000 kwa mwezi. Halafu mpangaji aliyetoka aliacha ukuta mchafu, kwa hiyo 40,000 ya rangi. Kila moja ikitamkwa peke yake, mbele ya milioni moja na nusu, inaonekana ndogo mno kugombania. Mtu mzima anaona aibu kusimamisha mkataba kwa ajili ya rangi.

Lakini zijumlishe. Mkataba 30,000, mlinzi 60,000, taka 30,000, rangi 40,000: jumla 160,000. Ukizigawa kwa miezi sita ni karibu 26,700 kila mwezi, na kodi ya Bi Zuhura imekuwa kama 291,700. Zile siku mbili za mapatano zimefutwa kwa robo saa.

Na lile kubwa bado. Kijana anasema, kama jambo la kawaida, "Ile kodi ya zuio ya TRA utalipa wewe, wapangaji wote hapa ndivyo wanavyofanya." Kodi ya zuio kwenye pango la biashara ni asilimia 10, na ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Mpangaji anaikata tu kutoka kwenye kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato kwa niaba yake. Kama Bi Zuhura atampa mzee 1,590,000 zote na kisha apeleke TRA 159,000 kutoka mfukoni mwake, jumla ya alichotoa inakuwa 1,909,000. Kwa mwezi ni zaidi ya 318,000. Amepita hata ile bei aliyoikataa siku ya kwanza.

Kudonoa kunafanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uchovu: mtu aliyekwisha kufikia makubaliano hataki kurudi vitani. Ya pili ni kwamba kila dai huja peke yake, na la kwanza huwa limeshakubaliwa kabla la pili halijazaliwa. Kwa hiyo njia ya kujibu ni kuyafanya madai yote yasimame pamoja.

Bi Zuhura haanzi kubishana juu ya 30,000 ya mkataba. Anafungua daftari, anaiandika, na kuuliza, "Sawa, nimeandika. Kuna kingine?" Anaandika mlinzi. "Na kingine?" Anaandika taka na rangi na kodi ya zuio. Anaendelea kuuliza mpaka kijana aseme basi, yameisha. Na kwa kuwa ameuliza, anaongeza yeye mwenyewe moja wasilolitaja: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anauliza itarejeshwaje.

Sasa orodha iko mbele ya watu wote, na mzee amekaa pale. Bi Zuhura anamgeukia yeye. "Shikamoo tena baba. Sisi tulielewana 265,000 nikijua ndiyo gharama ya fremu. Mlinzi ni haki, analinda na cherehani zangu, sina neno. Kama tunamweka, basi kodi iwe 255,000 na 10,000 ya mlinzi, jumla ileile. Taka ni zangu, nitamlipa mzoaji mwenyewe. Rangi nitapaka mimi kwa mikono yangu, na ile inayokatwa kwenye LUKU nitaibeba. Ya mkataba na ya TRA ni za mwenye nyumba baba, nitaikata ya TRA nikuletee risiti."

Hakusema hapana kwa kila kitu. Alitenganisha gharama za kweli na za kusingiziwa, akabeba zinazotokana na matumizi yake, na pale alipoongezewa kitu aliomba kingine kipungue. Hiyo kanuni ya kupunguza mahali pengine ndiyo inayomchosha mdonoaji. Kudonoa kuna raha kwa sababu hakugharimu kitu. Kila ombi jipya likianza kugusa kodi yenyewe, maombi hukoma yenyewe.

Njia bora zaidi ilikuwa kuuliza mapema, siku ileile ya 265,000: "Nitajie kila kitu nitakacholipa kuanzia leo mpaka siku nitakayorudisha funguo." Wenye fremu wengi hujibu swali hilo kwa uaminifu wakiulizwa moja kwa moja, kwa sababu bado bei haijafungwa na wanajua unaweza kuondoka. Mtu yuleyule anayedonoa siku ya kusaini atakutajia yote siku ya kwanza kama umemwomba.

Na tusiwe wepesi wa kulaumu upande mmoja. Wateja nao hudonoa. Bi Zuhura atashona gauni kwa bei waliyokubaliana, na siku ya kulichukua mteja ataomba kilemba cha kitambaa kilichobaki, kisha apunguziwe 2,000 ya nauli, kisha apandishiwe pindo la sketi aliyokuja nayo mkononi. Hiyo ni tofauti na nyongeza ya sokoni, ile nyanya moja juu ya fungu, ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaijua na imeshahesabiwa ndani ya bei. Fundi anayejua kazi yake huandika bei za kilemba, pindo na zipu kwenye kadi ukutani. Mteja akiomba, fundi anamwonyesha kadi huku akitabasamu, na mazungumzo yanabaki ya kirafiki kwa sababu karatasi ndiyo iliyosema.

Mzee wa Tandika anacheka, anamwambia kijana wake aache. Wanaandika 255,000 kwa miezi sita, yaani 1,530,000, na mlinzi 60,000. Bi Zuhura anakata kodi ya zuio ya 153,000, na mzee anapokea 1,377,000 pamoja na ya mlinzi. Dalali anapata 255,000 zake, ya mwezi mmoja. Kabla ya saini, Bi Zuhura anaomba mstari mmoja uongezwe kwa kalamu chini ya kipengele cha malipo, na wote wawili waweke saini ndogo pembeni yake: kwamba malipo yaliyotajwa humu ndiyo yote, na hakuna lingine litakalodaiwa katika kipindi cha mkataba huu ila kwa maandishi ya pande zote mbili. Mwezi wa tatu, kijana atakapokuja kusema mlinzi ameongezwa mshahara, atamfungulia ukurasa huo.